Kutoka faida ya vitabuni hadi kodi: kiolezo cha mtahiniwa wa CPA

Swali la kodi ya kampuni katika mitihani ya CPA huanza na faida ambayo mtu mwingine ameshaikokotoa. Mtahiniwa hupewa taarifa ya mapato na matumizi iliyokwisha kufungwa, ikifuatiwa na maelezo kadhaa chini yake, kisha hutakiwa kuonyesha kodi ambayo kampuni inadaiwa. Faida iliyo kwenye taarifa hiyo si ya uongo, ila imepatikana kwa kanuni za uhasibu, na Mamlaka ya Mapato Tanzania hutoza kodi kwa kanuni za Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, yaani Sura ya 332. Sehemu kubwa ya kazi ni kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kudondosha kitu njiani. Kiolezo ni orodha ya hatua za kuvukia, imeandikwa kwa mpangilio usiobadilika, na tarakimu za swali huingizwa humo.

Wanaojiandaa kwa mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, hutengeneza violezo hivi kutokana na muhtasari wa somo na madaftari yao. Vilivyo vingi hufanana kwa sura: kichwa cha hesabu juu, faida, mambo ya kujumlisha, mambo ya kutoa, kodi chini. Kinachotofautisha kizuri na kibaya ni kama mwenye nacho anajua kwa nini mstari fulani umekaa pale ulipo. Mpangilio wa hatua haukuwekwa kwa ajili ya unadhifu. Sheria yenyewe hufunga baadhi ya makato kwa kiasi ambacho hakijulikani mpaka hatua nyingine iwe imekwisha, na anayezitanguliza au kuzichelewesha hupata jibu jingine hata kama kila kujumlisha kwake ni sahihi.

Kwa hiyo mstari unaofaa katika kiolezo hubeba zaidi ya jina. Daftari zuri haliishii kuandika "uchakavu". Huandika kwamba uchakavu wa vitabuni hurudishwa wote, na kwamba mahali pake patachukuliwa baadaye na makato ya uchakavu yanayokokotolewa kwa viwango vya Jedwali la Tatu la Sheria. Yaani mstari husema ishara yake ni ya kujumlisha au kutoa, husema sababu, na husema kama kitu kilichoondolewa hapa kinatakiwa kutokea tena chini. Hilo la mwisho ndilo husahaulika zaidi, na ndilo litakaloonekana mara kwa mara katika mfano ufuatao.

Mfano ni wa kampuni ya kuuza vifaa vya ujenzi kwa jumla jijini Mwanza, ambayo mwaka wake wa hesabu huisha Desemba 31. Taarifa yake inaonyesha faida kabla ya kodi ya shilingi 84,000,000. Maelezo ya swali yanasema kwamba katika matumizi yaliyokatwa kabla ya kufikia faida hiyo kuna uchakavu wa vitabuni wa 14,500,000, faini za usalama barabarani 1,200,000, na ongezeko la 3,300,000 katika kiasi cha jumla kinachotengwa kwa madeni yanayohofiwa kutolipwa. Kuna pia gharama ya "ukarabati" ya 20,000,000 ambayo, swali likisomwa vizuri, ni ya kuongeza ghala chumba kipya, msaada wa 5,000,000 uliotolewa kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa kisheria, na karo ya 4,000,000 ya mtoto wa mkurugenzi, ambayo haikuingizwa kwenye mshahara wa mkurugenzi huyo. Mishahara, pango la ofisi, umeme na matangazo vimo pia, navyo havina tatizo. Upande wa mapato, faida imeongezwa 2,200,000 zilizotokana na kuuza pikapu ya zamani, pamoja na riba ya benki ya 1,800,000 iliyoingia kwenye akaunti baada ya benki kukata kodi ya zuio ya asilimia 10.

Hatua ya kwanza ni kurudisha kila gharama ambayo Sheria haiikubali. Kipimo kikuu ni kwamba gharama iwe imetumika yote, na kwa ajili ya kuzalisha mapato ya biashara tu, na isiwe ya kimtaji. Kwa kipimo hicho mishahara, pango, umeme na matangazo hubaki kama yalivyo. Faini hazikubaliki kabisa, kwa kuwa Sheria inazitaja kwa jina: adhabu inayolipwa serikalini kwa kuvunja sheria haipunguzi kodi, hata kama dereva alikuwa kazini. Kiasi kilichotengwa kwa madeni hurudi kwa sababu ni makisio. Deni hukatwa pale linapokuwa limeharibika kweli, mdai akiwa amechukua hatua za maana za kulidai na kujiridhisha kwamba halilipiki, wala si pale mhasibu anapohisi kwamba wateja watano kati ya mia watakimbia. Mtahiniwa anayesoma kwa haraka hukuta neno "madeni" na kurudisha kila kitu, hata deni la mteja mahususi aliyefilisika. Hilo la pili huachwa.

Karo ya mtoto wa mkurugenzi ni matumizi ya nyumbani yaliyolipwa na kampuni, kwa hiyo inarudi. Kama kampuni ingeihesabu kuwa sehemu ya malipo ya ajira ya mkurugenzi na kuikata kodi ya mshahara, hoja ingebadilika, kwa sababu ingekuwa gharama ya kumlipa mfanyakazi. Swali lilisema wazi kwamba haikufanyika hivyo. Watunga mitihani huweka kishazi cha namna hiyo kwa makusudi, na kiolezo hakiwezi kukisoma kwa niaba ya mtahiniwa.

Chumba kipya cha ghala ndicho kipengele cha kwanza chenye safari ya pande mbili. Kuziba paa linalovuja ni ukarabati, na hukatwa mwaka uleule. Kuongeza chumba ambacho hakikuwepo ni kuongeza mali, hivyo zile 20,000,000 zinarudishwa kwenye faida zote. Lakini hazipotei. Zinahamia kwenye jedwali la makato ya uchakavu, huko zitakakopunguza kodi kidogo kidogo kwa miaka mingi. Mtahiniwa anayefanya nusu ya kwanza na kusahau nusu ya pili ameinyang'anya kampuni haki yake, na kosa hili ni rahisi kulifanya kwa sababu ukurasa wa marekebisho, peke yake, unaonekana umekamilika.

Msaada wa hisani nao unarudishwa wote, 5,000,000 nzima, ingawa Sheria inaruhusu sehemu yake. Hapa wengi hujaribu kufupisha njia kwa kukisia kiasi kinachoruhusiwa na kurudisha tofauti tu. Haiwezekani bado. Sehemu inayoruhusiwa imefungwa kwa asilimia 2 ya mapato ya biashara yaliyokokotolewa bila kukata msaada huo, na mapato hayo hayajulikani mpaka makato ya uchakavu yatoke. Kiolezo kizuri huurudisha msaada wote juu, kisha huacha mstari mtupu chini unaoungojea.

Vinavyorudishwa vyote vinafikia 48,000,000, na faida inapanda kutoka 84,000,000 hadi 132,000,000.

Inafaa kusema neno kuhusu yale yasiyobadilika. Katika mtihani wa kodi wa ACCA unaotumia sheria za Uingereza, ambao pia hufanywa na Waafrika Mashariki, swali la namna hii mara nyingi humwagiza mtahiniwa aorodheshe vipengele vyote na kuandika sifuri penye kipengele kisichohitaji marekebisho. Sifuri hiyo ni jibu: inamwambia msahihishaji kwamba kipengele kilionwa na kuamuliwa. Hata pasipo agizo kama hilo, mstari unaosema "matangazo, 0" hauchukui hata sekunde kumi, na unamtenganisha aliyeamua na aliyeruka.

Hatua ya pili ni kuondoa mapato ambayo hayastahili kukaa katika hesabu ya biashara, au yanayostahili kuingia kwa mlango mwingine. Pikapu ya zamani iliuzwa kwa 8,000,000, na vitabu vilionyesha faida ya 2,200,000 kwa sababu thamani yake kitabuni ilikuwa 5,800,000. Thamani hiyo ilitokana na uchakavu wa vitabuni, ambao umeshafutwa katika hatua ya kwanza. Faida iliyojengwa juu yake inafutwa pia. Badala yake bei kamili ya kuuzia, zile 8,000,000, itaingia kwenye jedwali la makato ya uchakavu. Kama pikapu ingeuzwa kwa hasara, hasara hiyo ingerudishwa juu kwa hoja ileile.

Riba ya benki ni mapato ya uwekezaji, nayo huhesabiwa kando na mapato ya biashara kabla ya kukutana nayo mwishoni. Kwa hiyo 1,800,000 zinatolewa. Pamoja na faida ya pikapu, vinavyotolewa ni 4,000,000, na kinachobaki ni 128,000,000.

Sasa linakuja jedwali la makato ya uchakavu, ambalo watahiniwa wenye uzoefu hulifanya kwenye ukurasa wake peke yake na kuleta jumla tu kwenye hesabu kuu. Uhasibu humruhusu mwenye kampuni achague makisio yake kuhusu maisha ya mali. Sheria haimpi uhuru huo. Imegawa mali katika makundi na kila kundi lina kiwango chake. Magari madogo, kompyuta, mabasi ya abiria wasiofika 30 na malori ya mzigo usiofika tani 7 yamo katika Kundi la 1, lenye asilimia 37.5. Mabasi na malori makubwa pamoja na mitambo ya viwandani yamo Kundi la 2, asilimia 25. Samani za ofisi, pamoja na mali yoyote isiyopata pa kukaa kwingine, huenda Kundi la 3, asilimia 12.5. Haya matatu hukokotolewa kwa thamani inayobaki, hivyo makato hupungua kila mwaka. Majengo ya kawaida yamo Kundi la 6 na hukatwa asilimia 5 ya gharama yake ya awali kila mwaka, bila kupungua, mpaka gharama iishe. Yapo makundi mengine kwa kilimo, kwa mali zisizoshikika na kadhalika. Kampuni ya mfano haiyahitaji.

Ndani ya Kundi la 1 gari halina jina tena. Magari na kompyuta zote huwa kapu moja lenye thamani moja: iliyobaki mwaka uliopita, ongeza vilivyonunuliwa, toa fedha iliyopatikana kwa kuuza. Kampuni ilianza mwaka na 40,000,000 katika kapu hilo. Mwezi wa Novemba ilinunua pikapu mpya kwa 32,000,000 na kuanza kuitumia papo hapo, na katika mwaka huohuo ikauza ile ya zamani kwa 8,000,000. Msingi wa makato ni 64,000,000, na asilimia 37.5 yake ni 24,000,000. Inayobaki kwa mwaka ujao ni 40,000,000.

Swali linalojitokeza ni kama pikapu ya Novemba isihesabiwe miezi miwili tu. Uhasibu ungefanya hivyo, na mkono uliozoea uhasibu hugawa wenyewe. Lakini kanuni ya Jedwali la Tatu huzidisha msingi wa kundi mwishoni mwa mwaka kwa kiwango chake, kisha kwa idadi ya siku za mwaka wa mapato wa mlipakodi ikigawanywa kwa 365. Siku zinazohesabiwa ni za mwaka wa kampuni, wala si za umri wa pikapu. Kampuni iliyofanya kazi mwaka mzima hupata makato ya mwaka mzima kwa gari lililoanza kazi Novemba. Anayegawa kwa miezi hupata makato ya 2,000,000 kwa pikapu hiyo badala ya 12,000,000, na kodi yake, hata kikomo cha msaada kikipanda, huongezeka kwa shilingi 2,940,000. Kampuni inayoanza biashara katikati ya mwaka ndiyo ambayo siku zake hupungua, na ndiyo maana daftari linapaswa kuandika kanuni yote, isiwe kiwango peke yake.

Samani zilizobakia na thamani ya 16,000,000 katika Kundi la 3 zinatoa makato ya 2,000,000. Ghala la awali, lililojengwa kwa 60,000,000, linatoa 3,000,000 kwa kiwango cha asilimia 5, na chumba kipya cha 20,000,000, kilichorudishwa juu kama gharama isiyokubalika, sasa kinajitokeza na 1,000,000. Makato yote ya uchakavu ni 30,000,000. Yakitolewa kwenye 128,000,000 yanabaki mapato ya biashara ya 98,000,000.

Mstari uliokuwa mtupu sasa unaweza kujazwa. Asilimia 2 ya 98,000,000 ni 1,960,000. Kampuni ilitoa 5,000,000, na kinachoruhusiwa ni kidogo kati ya viwili hivyo, yaani 1,960,000. Mapato ya biashara yanashuka hadi 96,040,000. Anayekokotoa kikomo kabla ya makato ya uchakavu hutumia 128,000,000 na kupata 2,560,000, akiwa ameipa kampuni nafuu ya 600,000 isiyokuwepo. Anayekitafuta baada ya kuwa ameshakata msaada wote hutumia 93,000,000 na kupata 1,860,000. Kuna tarakimu tatu zinazokaribiana, zote zimetoka kwenye asilimia 2, na moja tu ndiyo ya Sheria. Msahihishaji akiona ipi imeandikwa hujua mara moja hatua zilifuatana vipi.

Kinachofuata ni kukusanya. Riba iliyotolewa inarejea, ila hairejei kama ilivyoondoka. Iliyotolewa ilikuwa 1,800,000 kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa vitabuni. Inayorejea ni 2,000,000, riba kamili kabla ya zuio. Kodi ya zuio ya 200,000 haikuwa gharama ya kampuni, ilikuwa kodi iliyolipwa mapema kwa jina lake, na itadaiwa mstari wa mwisho. Kwa mtu binafsi ambaye riba yake haihusiani na biashara, zuio la benki huwa la mwisho na riba haingii tena katika hesabu. Kwa kampuni halimalizi jambo. Wanaochanganya haya mawili hudai 200,000 bila kuingiza 2,000,000, au huingiza 2,000,000 bila kudai 200,000.

Jumla ya mapato yanayotozwa kodi ni 98,040,000. Kiwango cha kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo kodi ya mwaka ni 29,412,000. Kampuni za Tanzania hukadiria kodi yao mwanzoni mwa mwaka na kuilipa kwa awamu nne, na hii ilikwisha kulipa 24,000,000. Zikitolewa awamu hizo na zuio la 200,000, inabaki 5,212,000, inayolipwa wakati wa kuwasilisha ritani ya mwisho, kabla ya miezi sita kupita tangu mwaka ulipofungwa.

Hesabu kuu, ikiwekwa kwenye karatasi ya majibu, haizidi ukurasa mmoja:

| Maelezo | Shilingi |
|---|---|
| Faida kabla ya kodi | 84,000,000 |
| Jumlisha: gharama zisizokubalika | 48,000,000 |
| Toa: faida ya kuuza pikapu na riba | (4,000,000) |
| Toa: makato ya uchakavu | (30,000,000) |
| Mapato kabla ya msaada wa hisani | 98,000,000 |
| Toa: msaada unaoruhusiwa | (1,960,000) |
| Mapato ya biashara | 96,040,000 |
| Jumlisha: riba kamili | 2,000,000 |
| Jumla ya mapato | 98,040,000 |
| Kodi, asilimia 30 | 29,412,000 |
| Toa: awamu na kodi ya zuio | (24,200,000) |
| Kodi inayobaki kulipwa | 5,212,000 |

Kwenye mtihani gharama zisizokubalika zingeandikwa moja moja, kwa kuwa alama hugawanywa kwa vipengele. Hapa zimejumlishwa ili njia ionekane.

Njia nzuri ya kukagua hesabu hii dakika tano kabla ya kengele si kujumlisha upya, maana kosa la kodi mara chache huwa la kujumlisha. Ni kufuatilia jozi. Uchakavu wa vitabuni uliingia juu: je, makato ya uchakavu yapo chini? Faida ya pikapu ilitoka: je, 8,000,000 zimo ndani ya Kundi la 1? Chumba cha ghala kilirudishwa: je, Kundi la 6 lina mistari miwili? Msaada ulirudishwa wote: kikomo chake kiko wapi? Riba ilitoka ikiwa pungufu: je, ilirejea kamili, na zuio lake likadaiwa? Jozi tano zinatosha kwa swali hili. Mwenye kuziweka alama ndogo ya nyota pembeni ya kiolezo tangu daftarini hahitaji kuzikumbuka chini ya presha. Faini na karo hazina jozi, zikirudi zimerudi, na hilo pia ni vyema kuliandika, la sivyo mtu hutafuta pacha asiyekuwepo.

Hatari kubwa zaidi ni kutumia kiolezo sahihi kwa mlipakodi asiyehusika. Mfanyabiashara mdogo ambaye ni mtu binafsi anaweza kuangukia katika jedwali la kodi inayotozwa moja kwa moja kwenye mauzo yake, ambako hakuna kukata gharama wala makundi ya mali, na mtahiniwa anayemfanyia marekebisho ya faida ukurasa mzima atakuwa amejibu swali jingine. Jedwali hilo halihusu kampuni, hata iwe ndogo kiasi gani. Mstari wa kwanza kabisa wa kiolezo, kabla ya faida, unapaswa kuuliza anayetozwa ni nani.

Mfanyakazi ana kiolezo chake, na humo pia mpangilio hubanwa na Sheria. Mfano mzuri ni nyumba inayotolewa na mwajiri. Thamani yake kwa kodi hupatikana kwa kulinganisha mara mbili: kwanza huchukuliwa kikubwa kati ya asilimia 15 ya mapato mengine ya mfanyakazi kwa mwaka na gharama ambayo mwajiri anadai kwa nyumba hiyo, kisha kikubwa hicho hulinganishwa na pango la soko, na kidogo ndicho hutozwa. Mfanyakazi mwenye mshahara wa 39,500,000 kwa mwaka, pamoja na gari la kampuni la injini ya sisi 1,500 lisilotimiza miaka mitano ambalo mwajiri anadai gharama zake, ana mapato mengine ya 40,000,000, kwani Sheria hulipa gari la aina hiyo thamani ya 500,000. Asilimia 15 yake ni 6,000,000. Mwajiri anadai 4,800,000, pango la soko ni 9,600,000, hivyo nyumba hutozwa kama 6,000,000. Yeyote anayeanza na nyumba kabla ya gari hukokotoa asilimia 15 ya 39,500,000 na kukosa kwa 75,000. Nyumba huwekwa mwisho katika marupurupu, hata kama swali limeitaja mwanzo.

Violezo havivuki mipaka vizuri. Kiolezo cha mshahara cha Kenya, kwa wanaosoma mitihani ya KASNEB, humalizika kwa kutoa nafuu binafsi ya shilingi za Kenya 2,400 kwa mwezi kutoka kwenye kodi yenyewe. Tanzania haina mstari huo. Nafuu yake imejengwa ndani ya viwango, ambapo shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi kitu. Anayeazima daftari la rafiki wa ng'ambo ya Namanga anaweza kupunguza kodi mara mbili.

Viwango navyo huzeeka. Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka, na mabadiliko mengi huanza Julai 1. Mwaka 2021, kwa mfano, kiwango cha kwanza cha kodi ya mshahara kilishushwa kutoka asilimia 9 hadi 8 kuanzia siku hiyo, na madaftari ya watangulizi yaliendelea kubeba 9. Kwa sababu hiyo wengine huandika kiolezo kwa wino na viwango kwa penseli, kila kiwango kikiwa na mwaka wake pembeni. Mpangilio wa hatua huhimili miaka. Asilimia huhakikiwa upya kabla ya kila kikao cha mtihani, dhidi ya sheria ambayo bodi imetangaza kwamba itatahiniwa.